Uchumba Unapovunjika

Kakamega, habari ya uchumba uliovunjika husambaa mbio kuliko bodaboda. Ndiyo maana mshenga hutangulia kwa wazazi wa pande zote mbili, kabla kamati ya harusi na wageni hawajaandikiwa.

Ujumbe wenyewe hauhitaji zaidi ya sentensi nne: “Wapendwa, uchumba wetu umekwisha. Harusi ya Desemba haitakuwepo. Mweka hazina atawarudishia michango yenu kwa M-Pesa. Tunaomba msituulize sababu.”

Sababu ikiandikwa, upande wa pili utajibu, na ukoo mzima utaingia vitani. Tena ugomvi huo unaweza kufika kortini, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 humruhusu aliyepata hasara kudai fidia kwa aliyekataa kutimiza ahadi. Ng'ombe wa mahari nao wasitajwe katika ujumbe; hayo ni mazungumzo ya wazee, pembeni.