Kidole chenye Maji ya Chungwa

Kuna bibi wa Muheza, mkoani Tanga, anayeuza machungwa ya kumenya. Jina lake silitaji, lakini kisa chake nakileta ili kisijirudie kwa bibi wa mtu mwingine.

Dalili zilianza mapema. Usiku alikuwa haachi kuamka kwenda haja ndogo, akirudi anakunywa kikombe kizima cha maji, mara anaamka tena. Akasema ni joto. Kanga zikawa zinamlegea kiunoni, akasema ni uzee. Sisimizi wakaanza kulizunguka kopo alimojisaidia usiku. Wajukuu wakacheka, naye akawafukuza. Kisha akajikwaa kwenye kizingiti, na kidonda cha kidole cha mguu kikakaa mwezi mzima bila kufunga. Kila jambo lilipata sababu yake, na kila sababu ilieleweka. Hapo ndipo hata mimi na wewe tunaweza kuteleza: dalili tunazitazama mojamoja, hatuziweki pamoja.

Binti yake alipomshurutisha kwenda zahanati, alitoka moja kwa moja kwenye meza yake ya machungwa. Nesi akamfuta kidole kwa pamba yenye spiriti, akamtoboa, kimashine kikaonyesha 19.6. Nesi akavitazama vile vidole, akamwambia akanawe kwa sabuni, akampima upya: 12.3.

"Mwanangu," bibi akasema, "sukari yangu imeshuka hivyo kwa kunawa mikono tu? Hiyo mashine yenu inasema ovyo." Akachukua kikapu chake akaondoka, ingawa nesi alimsihi arudi asubuhi kabla ya kula.

Tusimcheke, maana nusu ya hoja yake ilikuwa ya kweli. Maji ya chungwa yana sukari. Yakikaukia kidoleni, yanachanganyika na lile tone dogo la damu na kupandisha namba. Pamba ya spiriti haitoshi kuyaondoa. Yanataka maji na sabuni, kisha kidole kikauke. Kwa hiyo 19.6 ilikuwa ya uongo. Alipokosea bibi ni kulitumia kosa la kipimo cha kwanza kukitupa na cha pili. Kwa mtu mwenye kiu na haja ndogo za namna ile, kipimo cha wakati wowote kinachofikia 11.1 tayari kinaashiria kisukari.

Baadaye, akipika, kaa la moto lilimdondokea mguuni. Alijua baada ya kusikia harufu; maumivu hakuyahisi. Hilo ndilo lililomfanya mjukuu wake anunue kimashine. Hakubishana naye. "Bibi, pima mwenyewe, na mimi nipime," akamwambia.

Asubuhi, kabla ya chai, wote wawili wakanawa na kujikausha, wakajitoboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambapo hapaumi sana. Bibi 10.4, mjukuu 4.9. Bibi hakusoma shule, ila hesabu za pesa zimemfundisha tarakimu zote. Akasema ni ugali wa jana. Usiku uliofuata akala kidogo sana, chai hakuigusa, na asubuhi ikaja 10.9.

"Sijala kitu, sukari imetoka wapi?"

Imetoka kwenye ini. Tukiwa tumelala, ini huachia sukari kidogokidogo, na kuelekea alfajiri huongeza, ili mwili upate nguvu ya kuamkia. Insulini ikifanya kazi vizuri hulizuia ini lisizidishe. Kwake kizuizi hicho kilikuwa kimelegea, ndiyo maana kulala na njaa hakukumsaidia.

Siku nyingine akajipima mara mbili mfululizo, zikaja 10.1 na 10.8, akataka kukitupa kimashine. Lakini vimashine hivi havikubaliani hadi nukta ya mwisho. Kwenye namba kubwa kama hizo, tofauti ya hadi asilimia 15 na kipimo cha maabara inaruhusiwa. Cha kutazama ni namba zinakaa upande gani. Mtu ambaye hajala kwa saa nane akipata 7.0 au zaidi, tena asubuhi baada ya asubuhi, hana budi kwenda kuthibitishiwa maabara. Za bibi hazikushuka chini ya 9 hata siku moja.

"Basi nipeleke," akamwambia mjukuu, "na daftari la namba zangu tulibebe."

Vipimo vya maabara vikasema yaleyale. Alianzishiwa metformini, akafundishwa kukagua nyayo zake kila jioni, na kidonda kikaanza kusafishwa ipasavyo. Sukari ya asubuhi ilishuka taratibu, na kidonda hatimaye kikafunga. Ganzi ya miguu haikuondoka. Hadi leo haruhusiwi kutembea pekupeku hata ndani ya nyumba.