Hofu Inayouzwa kwenye Chupa

Kijana akiumwa jino atamwambia mama. Akiamini punyeto imemharibu, hamwambii mtu. Anasoma tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme: "Umeathirika na punyeto? Piga simu." Anapiga, na dawa ipo kwenye chupa.

Biashara hii si ya jana. Mwanzoni mwa karne ya 18, huko London, kilitoka kitabu kisicho na jina la mwandishi, Onania. Kilitaja maradhi ya kutisha, kisha kikamwonyesha msomaji pa kununua dawa. Mwaka 1760 daktari Tissot wa Lausanne akaivalisha hofu ileile koti la kitabibu, akidai kwamba kupoteza shahawa kidogo ni sawa na kupoteza damu mara 40 ya hapo. Hesabu hiyo haina ukweli. Mwili hutengeneza mbegu kila siku, na zisipotoka huvunjwa na kufyonzwa. Punyeto haipofushi, haileti utasa, haipunguzi maumbile, wala haimharibii msichana uzazi.

Hata jina la kitabu lilipotoshwa. Onani wa Mwanzo 38 alilala na mjane wa kaka yake, akamwaga mbegu chini ili asimzalie nduguye mtoto. Kosa lake lilikuwa kumnyima ndugu urithi. Habari ya punyeto haimo.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 22 anayeoa akiwa ameshaaminishwa kuwa "amekwisha". Usiku wa kwanza moyo unamwenda mbio na anajichunguza badala ya kuwa na mkewe. Mwili wenye hofu hubana mishipa ya damu, kwa hiyo uume hausimami. Anasema, "Si niliambiwa?" Kilichomwangusha ni hofu, lakini yeye anaichukua kuwa ushahidi, na kesho anapiga ile namba.

Je, basi hatia haina nafasi? Inayo. Dini yako inaweza kukukataza, nawe ukaamua kutii. Hilo ni agano lako na Mungu wako, na linaweza kusimama lenyewe. Halihitaji kuegemea uongo kuhusu figo na macho. Ukijizuia kwa kuogopa upofu, hujatii kitu, umeogopa tu. Na siku ukigundua ulidanganywa, utamshuku hata aliyekuambia kweli.

Dalili halisi ya tatizo ni nyingine: unakosa usingizi au masomo, unajiumiza ngozi, umejaribu kuacha ukashindwa, au unaikimbilia kila unapozidiwa na huzuni. Hapo nenda kwa nesi au mshauri, useme wazi. Ukiona vidonda, maumivu au damu, nenda hospitali.

Na ukitaka kumjua mwongo, sikiliza anavyomaliza maneno yake. Akishakutisha tu, anataja bei.