Waya Niliouita Mfu

Jamani, kabla hamjakimbilia chakula, nipeni dakika kumi. Mlinichagua niwe kiongozi wa darasa mkidhani umeme naujua. Leo nawasimulia siku nilipogundua kwamba nilikuwa nimekariri tu.

Ilikuwa wakati wa mafunzo kwa vitendo, kwenye nyumba ya wapangaji yenye fezi tatu. Fundi aliyekuwa akinisimamia alikwenda dukani kununua waya, akaniacha niangalie bodi. Nikaona skrubu ya nyutro kuu imelegea na plastiki pembeni yake imebadilika rangi. Nikagusa na tesita, haikuwaka. Nikajiambia nyutro ni waya mfu, hakuna haja ya kuwasumbua watu kwa kuzima meini swichi. Nikafungua skrubu, nikauchomoa waya ili nisafishe ncha yake.

Baada ya sekunde chache mama mmoja akapiga kelele kwamba televisheni yake inatoa moshi. Jirani yake naye akatoka na pasi mkononi, analalamika imepoa. Hakuna breka hata moja iliyoruka.

Sasa tufuate huo umeme ulikokwenda. Chumba cha pasi kilikuwa fezi ya kwanza, cha televisheni fezi ya pili, na fezi ya tatu wapangaji walikuwa kazini. Nyutro ikiwapo, kila chumba kinapata volti 230 zake bila kujali jirani anatumia nini. Nilipoichomoa, mkondo uliotoka fezi ya kwanza ulipita kwenye pasi, ukafika kwenye upau wa nyutro, ukakosa njia ya kurudi. Njia iliyobaki ilikuwa kupitia televisheni hadi fezi ya pili. Vyombo viwili vikawa mfululizo, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400.

Tukadirie. Pasi ya wati 1000 ina ukinzani wa karibu omu 53. Televisheni na king'amuzi chake, tuseme wati 100, ni kama omu 529. Televisheni si ukinzani mtupu, lakini kwa kukadiria inatosha. Volti 400 ukizigawa kwa omu 582 unapata ampea 0.7 hivi. Pasi inaambulia volti 36, televisheni inabebeshwa 364. Hapo ndipo mnaona kwa nini breka zilinyamaza: breka huangalia mkondo, na ampea 0.7 si kitu kwake. Aliyeunguzwa ni yule mwenye mzigo mdogo, ambaye hakuwa amekosea lolote.

Kuna jambo moja nililipigia hesabu wiki kadhaa baadaye, nikatokwa jasho. Ule upau wa nyutro, niliokuwa nikiugusa kwa kujiamini, wakati ule ulikuwa na kama volti 200 dhidi ya ardhi. Mimi nimesimama sakafuni. Nilichotakiwa kufanya ni kuzima meini swichi, kupima kwa multimita kuhakikisha hakuna umeme, kisha ndipo nishike bisibisi.

Na swali la mzigo wa nyota usiolingana nililifanya kwenye mtihani muhula uliotangulia, nikapata alama nzuri! Vekta nilizichora vizuri. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza: waya huu ukikatika, nani ataungua? Nilisoma peke yangu, nikajisahihisha mwenyewe, na mtu akijisahihisha hujiuliza yale anayoyajua.

Ndiyo maana naomba tuwe na kundi, kila Alhamisi saa kumi jioni. Najua mtasema mijadala ya usiku wa kuamkia mtihani ipo. Ile ni ya kugawana majibu. Hapa tutachukua saketi moja tu kwa wiki. Mmoja anaichora ubaoni, wengine kazi yao ni kuikata: hapa pakikatika je, hapa pakigusana je? Kila mtu anaandika makadirio yake kwenye karatasi kabla hatujapima. Wale mliowahi kufanya kazi na mafundi mitaani mtatusaidia kuliko mnavyodhani, maana nyinyi mmeona taa za nyumba moja zikififia huku za jirani zikizidi kung'aa, dalili ambayo mimi sikuikuta kwenye daftari langu lolote.

Alhamisi hii tunaanza na kosa langu, bila umeme wa ukutani. Nimeazima betri mbili za gari, tutaziunga zitoe volti 24. Nina taa mbili za gari za volti 12, moja ya wati 21 na nyingine ya wati 5. Tutaziunga mfululizo. Njooni mkiwa mmeandika ipi itaungua na itapata volti ngapi. Itakayoungua nimeshailipia.