Nani Afumbwe Macho?

Nina swali moja. Kijana wa Katumba ana cheti safi cha kidato cha nne. Anaandika barua ya kuomba kazi, kisha analikata jina lake la tatu ili asili ya babu yake isijulikane. Je, kijana huyo amedanganya?

Kwa wasioijua Katavi, Katumba haiko mbali na Mpanda mjini, Mishamo iko mbali zaidi. Zote mbili zilianza kama makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wajukuu wao wamezaliwa hapahapa na Burundi wanaisikia redioni tu. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwagawia vyeti vya uraia, wao na wenzao wa Ulyankulu kule Tabora, jumla yao watu wapatao 162,000. Kwa karatasi ni Watanzania, yamekwisha. Jina lakini halikubadilika. Mtu akisikia Ndayizeye au Hakizimana, sikio lake linakimbilia kambini. Na kichekesho ni kwamba lugha ya Waha wa Kigoma ni ndugu wa damu wa Kirundi, na majina yao hukaribiana. Anayechuja watu kwa jina anaweza kumtupa nje Mtanzania ambaye ukoo wake wote uko Kasulu tangu enzi za Mjerumani.

Ndiyo maana vijiweni wana dawa yao: jina la ubatizo, la baba kama nalo ni la ubatizo, basi. Mshkaji wangu mmoja hufanya hivyo. Nilipomuuliza alinijibu, "Bwana we, mimi sifichi jina, naficha kesi."

Sasa, hiyo kesi ipo kweli au ni hofu tu? Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu barua ikikataliwa haisemi sababu. Wakati mwingine haijibiwi kabisa. Mwajiri atakwambia waombaji walikuwa wengi, na huenda anasema kweli. Ukichukua barua moja peke yake huwezi kuthibitisha kitu.

Watafiti wawili wa uchumi, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, waliona kwamba dawa ni kuchukua barua nyingi. Mwaka 2001 na 2002 walijibu matangazo ya kazi zaidi ya 1,300 katika miji ya Boston na Chikago, Marekani, kwa kutuma wasifu wa waombaji wa kubuni, karibu 5,000. Majina waliyagawa kwa bahati nasibu: wasifu mmoja unapata jina ambalo Wamarekani hulisikia kuwa la Mzungu, kama Emily, mwingine la Mweusi, kama Lakisha. Kwa kuwa jina liligawiwa kama karata, tofauti ikitokea huwezi kuisingizia elimu wala uzoefu. Kisha wakasubiri simu.

Wenye majina ya Kizungu waliitwa mara 1 katika kila barua 10 hivi. Wenye majina ya Weusi waliitwa mara 1 katika kila barua 15. Mmoja akituma barua 30 anaitwa mara tatu, mwenzake mara mbili. Hakuna aliyetamka tusi. Pengine kila mwajiri, ukimkalisha chini, angekula kiapo kuwa hana ubaguzi. Kesi haikuwa kwa mmojammoja, ilikuwa kwenye jumla.

Tusikimbie lakini. Namba hizo ni za Chikago, si za Mpanda. Hapa huwezi kupata matangazo 1,300 ya kazi, na kazi nyingi hupita kwa mdomo kabla hazijafika kwenye karatasi. Tena jaribio lile lilihesabu simu tu, halikuhesabu nani aliajiriwa. Linatufundisha namna ya kuuliza. Jibu letu wenyewe bado.

Tuseme basi tunataka kuliondoa jina. Wazo hilo si geni kwetu. Kila aliyefanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne anajua: kwenye karatasi ya majibu unaandika namba, jina huandiki. Msahihishaji hajui kama ni Masanja, ni Mwanaidi au ni Hakizimana. Ofisi nayo inaweza kufanya hivyo. Karani mmoja anapokea barua, anazipa namba, anafunika majina, na orodha anaifungia kabatini. Wanaochuja wanapewa vigezo na alama walizokubaliana mapema. Wakishapata wa kuwaita, orodha inafunguliwa.

Inapovuja ni hapa: jina lina ndugu wengi. Lipo kwenye anwani ya barua pepe, na lipo kwenye nakala ya cheti. Shule ikiwa Katumba imeshasema, na barua ya mtendaji wa kijiji nayo imesema. Karani akifuta jina akaacha hayo, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Akifuta yote, mchujaji anabaki na karatasi isiyosema kitu.

Na kuna jambo zito kuliko kuvuja. Mwaka 2010 na 2011 Ufaransa ilijaribu wasifu usio na jina kwa kampuni zilizokubali kwa hiari. Matokeo yalikwenda kinyume. Waombaji wenye asili ya ugenini au wanaotoka mitaa ya shida, jina lilipoonekana, waliitwa kwenye usaili 1 katika 10. Jina lilipofichwa, 1 katika 22. Watafiti walitoa maelezo mawili. Waliojitolea huenda walikuwa ndio walewale waliokuwa tayari kuwasaidia wanyonge, sasa wamefumbwa macho wasiwaone. Halafu pengo kwenye wasifu husameheka ukijua mtu katokea wapi. Mwaka 2015 Ufaransa ikaufanya utaratibu huo kuwa wa hiari.

Hebu lilete hilo hapa. Watu wa Katumba walikubaliwa uraia mwaka 2010, lakini vyeti vilikawia hadi 2014, kwa kuwa mpango wa kwanza ulikuwa wahamishwe na kutawanywa mikoa mingine. Kijana ambaye wasifu wake una miaka minne mitupu hapo katikati, ukiyaona maskani yake utamwelewa. Ukiyafunika, utamwita mvivu.

Kwa hiyo namba si dawa ya kila mahali. Inamzuia mwenye nia mbaya, na inamzuia mwenye huruma vilevile. Kwangu mimi inafaa kwenye chujio la kwanza tu, tena ikiwa fomu ina nafasi ya mwombaji kueleza pengo lake kwa maneno yake.

Narudi kwenye swali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa kabila, mahali mtu alikotoka au asili yake, na inamlinda hata mwombaji. Wajibu imempa mwajiri. Kijana anapolikata jina lake usiku kwenye kibatari, wajibu huo kaubeba yeye, na aibu kaibeba pamoja nao. Jina lile alipewa na babu aliyevuka mpaka na roho yake tu. Ofisi inapofunika majina ya wote, la mkurugenzi mtarajiwa na la mfagizi, hakuna anayejikana. Wasioona ni wachujaji, nao wamejifumba macho kwa hiari yao.

Kufunika ni kulekule, aliyefunika ndiye tofauti. Mshkaji wangu hakudanganya, ila kalipa deni lisilo lake.