Mkono Usioinuliwa

Nilipokuwa chuoni tuligoma kwa siku mbili kudai fedha za kujikimu. Siku ya pili, kijana mmoja wa kwetu alirusha jiwe. Lilimpata askari begani. Kufika jioni hakuna aliyezungumzia fedha tena. Habari ilikuwa jiwe. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sikuwa na ujasiri wa kuliuliza siku ile: je, ni haki kumwambia mtu asimame apigwe, asiinue hata mkono?

Jibu nimelitafuta Dharasana, kijiji cha pwani ya Gujarati, India, palipokuwa na mashamba ya chumvi ya serikali ya Kiingereza. Wengi tunaijua safari iliyotangulia. Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi alitoka Sabarmati na wenzake 78, wakatembea siku 24 hadi ufukwe wa Dandi. Huko aliokota chumvi kinyume cha sheria iliyoipa serikali peke yake haki ya kuitengeneza na kuitoza kodi. Dharasana ndiko mambo yalikokuwa magumu.

Gandhi mwenyewe hakufika. Alikamatwa usiku mwanzoni mwa Mei, baada ya kutangaza kwamba wataingia kwenye mashamba hayo. Hilo lilikuwa limetarajiwa, na orodha ya warithi ilikuwa tayari. Akashika Abbas Tyabji, jaji mstaafu mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, naye akakamatwa. Akashika Sarojini Naidu, mshairi. Harakati inayomtegemea mtu mmoja huvunjwa kwa pingu moja. Hii ilikuwa imepangwa ili pingu zisiishe kazi.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei walikuwepo wafuasi wapatao 2,500. Naidu aliwaambia kwamba watapigwa, na kwamba wasiinue mkono hata kukinga kipigo. Kisha wakaenda safu kwa safu. Safu ya kwanza ilivuka mtaro, ikasogelea uzio wa senyenge. Polisi waliwaamuru watawanyike. Wao wakaendelea kutembea kimya. Ndipo yakashuka marungu yenye ncha za chuma, vichwani. Walioanguka walibebwa na wenzao waliopewa kazi hiyo, na safu nyingine ikajipanga, ikijua vizuri kinachoingojea.

Mwandishi wa habari wa Kimarekani, Webb Miller, aliyaona hayo. Baadaye alihesabu majeruhi 320 kwenye kibanda cha matibabu, wawili walikufa. Taarifa yake ilizuiliwa kwanza, lakini mwishowe ilipenya ikasomwa duniani kote.

Hapa ndipo moyo wangu unapokwama. Anayempanga mwenzake kwenye safu anajua kwamba damu yake ndiyo itakayosema. Si kumtumia mtu kama chombo? Nadhani ingekuwa hivyo kama mambo matatu yangekosekana. Wale watu waliambiwa ukweli kabla ya kwenda. Walikuwa na nafasi ya kutokwenda. Na viongozi hawakujitenga na hatari: miongoni mwa walioongoza safu za mbele alikuwa Manilal, mtoto wa Gandhi. Ukiondoa moja kati ya hayo, nidhamu inageuka kuwa ukatili uliovaa nguo safi.

Kuna gharama nyingine. Mwaka 1922, umati wa watu huko Chauri Chaura uliteketeza kituo cha polisi, wakafa askari 22. Gandhi alisimamisha kampeni nzima ya nchi. Wenzake wengi, wakiwa magerezani, walikasirika: kosa la mji mmoja limelipwa na mamilioni. Zamani niliona uamuzi ule kama woga. Sasa nauona kupitia jiwe letu. Serikali yenye bunduki inatafuta sababu, na jiwe ni sababu inayotosha.

Lakini nisiipambe njia hii. Inahitaji shahidi, kipigo kisichoonwa na mtu hakimwaibishi yeyote. Wala haileti ushindi haraka. Mapatano ya Machi 1931 kati ya Gandhi na Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme, yaliwaruhusu watu wa pwani kutengeneza chumvi ya matumizi yao. Kodi yenyewe haikufutwa, na uhuru ulikuja mwaka 1947.

Kilichobadilika Dharasana ni kitu kingine. Utawala ule ulikuwa ukijieleza kuwa ni wa sheria na ustaarabu, na asubuhi moja ukaonekana ukivunja vichwa vya watu wasiojikinga, kwa ajili ya chumvi.

Bado sijui kama ningeweza kusimama katika safu ya pili, nikiwa nimeiona ya kwanza. Ila najua kwamba asiyekuwa tayari kusimama hapo hana haki ya kumpanga mwingine. Siku ile chuoni, tuliowaita wenzetu barabarani tulikuwa tumesimama nyuma kabisa.