Hukumu Bila Kusikiliza

Je, ni haki mtu kuhukumiwa kwa ushahidi ambao hakimu mwenyewe hajui umepatikanaje? Sikilizeni kisa hiki cha kubuni.

Mhadhiri mmoja alizipima insha za Kiingereza za wanafunzi wake kwa chombo kidaicho kutambua maandishi ya akili mnemba. Insha ya binti mmoja ikarudi na jibu: asilimia 87. Mhadhiri hakumwita wala hakumwuliza neno. Alimpa sifuri, akamtaja mbele ya wenzake kuwa mdanganyifu.

Kesho yake binti akabisha hodi, daftari mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Insha hii nimeiandika mwenyewe, mara tatu." Kurasa zilijaa maneno yaliyofutwa na aya zilizohamishwa. Mhadhiri akasoma, akanyamaza. Jioni ile alitoa kabatini tasnifu yake ya mwaka 1998, zama ambazo mashine za kutunga insha namna hii hazijakuwapo, akaipima sura ya kwanza. Chombo kikajibu: asilimia 79.

Sababu yake ni hii. Chombo hakimwoni mwandishi. Aghalabu hupima jinsi neno lifuatalo linavyoweza kubashiriwa. Mashine hupenda maneno yanayotarajiwa. Lakini vivyo hivyo huandika mtu aliyejifunza lugha ya kigeni darasani, kwa maneno machache na sentensi zilizonyoka kama alivyofundishwa. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vyombo saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa kazi ya mashine. Mwaka huo huo kampuni ya OpenAI ilikiondoa chombo chake yenyewe, kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo.

Wapo wanafunzi wadanganyao, nao wastahili adhabu. Lakini anayeshtaki ndiye apaswaye kuthibitisha. Mtu asiye na hatia atathibitishaje kwamba hakutenda jambo? Binti huyu aliokolewa na daftari. Je, yule aliyetupa karatasi zake? Tarakimu ya chombo yaweza kuwa sababu ya kuuliza, si sababu ya kuhukumu. Mwalimu na amwite mwanafunzi, amwombe aeleze hoja zake, atazame na rasimu zake. Ninyi wazazi, waambieni watoto wazitunze rasimu hizo.

Mhadhiri wetu alirudisha alama siku ile ile. Kisha akasimama mbele ya darasa lile lile alimomwaibisha binti, akasema: "Nilikiamini chombo, sikumsikiliza mtu. Kosa ni langu." Alama zilirudi kwa kalamu moja, jina jema lilihitaji maneno hayo, na mbele ya masikio yale yale.