Swali Ambalo Hukulisoma



Mtihani wa KCSE unapokaribia, jioni za Kosele hubadilika. Ukipita nyuma ya maduka sokoni utawakuta vijana watatu au wanne wameinamia simu moja, mmoja wao akinakili upesi kwenye daftari. Ukisogea utaona nambari na majibu tu: la kwanza andika hivi, la pili andika vile. Maswali yenyewe hayamo. Aliyeyatuma majibu hayo kwa Telegramu amelipwa kwa M-Pesa, pengine kwa pesa ambazo mama alizipata kwa kuuza viazi vitamu, na mara nyingi yeye mwenyewe hajaitia karatasi ile machoni. Amebuni jibu, akalitoa kwa sauti ya mtu aliyeona.

Uongo huu hununulika kwa sababu kuna wakati ulikuwa kweli. Mwaka 2015 mtihani ulivuja, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Machi 2016 Waziri Fred Matiang'i aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani, KNEC, na Profesa George Magoha akawa mwenyekiti mpya. Karatasi zikawekwa kwenye makontena ya kufuli mbili, na walimu wakuu wakawa wanazichukua wenyewe kila asubuhi ya mtihani. Mwaka huo alama za A nchi nzima zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Milango mingi iliyokuwa ikivujisha ilizibwa, lakini hamu ya kununua haikuzibwa, na wauzaji wakapata njia rahisi zaidi: kuuza jibu la swali ambalo hawana.

Leo sitaki kukaa kwa muuzaji. Nataka tukae kidogo na mtoto anayeingia chumbani mwa mtihani akiwa na jibu tayari. Je, atalisoma swali?

Chukua karatasi ya insha ya Kiswahili, 102/1. Mtahiniwa ana saa moja na dakika arobaini na tano, na insha mbili: ya kwanza ni ya lazima, ya pili anaichagua kati ya tatu zilizobaki. Kila moja ina alama 20. Tuseme kijana wetu amekariri hotuba kuhusu madhara ya dawa za kulevya, neno kwa neno, na misemo yake yote mizuri. Anafungua karatasi. Swali la lazima, na huu ni mfano wangu tu, linasema: wewe ni katibu wa kamati iliyoteuliwa kuchunguza kwa nini vijana wanaacha shule katika kaunti yenu, andika ripoti. Jicho lake linashika "vijana", linashika "shule", na moyo unaruka kwa furaha. Hilo ndilo! Anaanza, "Mabibi na mabwana, hamjambo?" na kalamu haisimami mpaka ukurasa wa tatu.

Swali lilitaka ripoti. Lilitaka kichwa kinachotaja kamati na kazi yake, hadidu za rejea, namna uchunguzi ulivyofanywa, matokeo, mapendekezo, kisha sahihi ya katibu. Lilitaka karo, mimba za mapema, njaa, watoto wanaokwenda kuvua ziwani, uchimbaji wa dhahabu kule Migori. Dawa za kulevya zingeweza kuwa sababu moja miongoni mwa nyingi. Yeye ametoa hotuba nzuri mbele ya hadhira ambayo haikumwalika.

Mtahini anayeisoma hana chuki naye. Huenda hata anaupenda mwandiko wake. Lakini mwongozo wa kusahihisha unamtaja waziwazi mtahiniwa anayejitungia swali na kulijibu, na mahali pake ni chini kabisa ya kiwango cha D: alama 1 au 2 kati ya 20. Mwenzake wa dawati la jirani, ambaye Kiswahili chake kinachechemea lakini amelisoma swali na kulijibu kwa shida, anaweza kupata 7 au 8.

Kinachonisumbua zaidi si alama hizo sita zilizopotea. Mtoto asiyejua jibu huhisi mkono wake ukisita. Anafuta, anarudi kwenye karatasi na kulisoma swali tena. Kule kusita ni rehema, kwa sababu kunamrudisha kwenye swali. Jibu la kubuni halisiti. Linateleza, na kwa kuwa linateleza, anatoka chumbani akitabasamu na kuwaambia wenzake kwamba insha ilikuwa rahisi.

Mpendwa, ni mara ngapi nasi tunatabasamu hivyo?

Mithali 18:13 inatufundisha kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu. Kitabu cha Ayubu kinatuonyesha watu wazima waliofanya hivyo. Rafiki zake watatu walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Wakafungua vinywa, na kilichotoka kilikuwa kimekaririwa. Kila anayeteseka ametenda dhambi; Ayubu anateseka; basi atubu. Walisema kwa ufasaha, sura baada ya sura, wakijibu swali ambalo Ayubu hakuwauliza. Alipokuwa akiuliza kwa nini, wao walimweleza alichokosa.

Hapa Kosele hilo hutokea jioni ileile ya mtihani. Binti anafika nyumbani na kumuuliza kaka yake aliyemaliza shule, au mwalimu wa Shule ya Jumapili, au mimi: "Mchungaji, ile ya kwanza niliianza hivi. Ni sawa?" Karatasi hatujaiona. Tunamwona yeye tu, uso wake umechoka, na upendo unatusukuma tuseme, "Ni sawa kabisa, mwanangu," au tumweleze swali lilitaka nini. Tukimsifu kwa kubahatisha, kesho ataingia kwenye karatasi inayofuata na kosa lilelile. Tukimtisha kwa kubahatisha, ataingia na moyo uliovunjika bure. Ni afadhali aambiwe: "Swali sijaliona, kwa hiyo siwezi kujua. Nieleze unavyolikumbuka. Umeshakula?"

Na kama wewe ni mzazi uliyetuma zile pesa, usiisome barua hii ukiwa umeinamisha kichwa. Ulimpenda mtoto, ukaogopa. Mwisho wa kitabu cha Ayubu, Mungu aliwaambia wale rafiki kwamba hawakunena sawasawa, kisha akawatuma kwa Ayubu ili awaombee. Ayubu akawaombea. Yule aliyeumizwa na majibu yao ndiye aliyesimama mbele za Mungu kwa ajili yao. Mtoto akirudi na alama mbili, kaeni naye vivyo hivyo, bila kutafuta wa kulaumiwa.

Jumapili hii, baada ya ibada, naomba watahiniwa wabaki kidogo. Njooni na karatasi za insha za miaka iliyopita na penseli; madaftari ya majibu yaacheni nyumbani. Tutasoma maswali peke yake. Kila mmoja atapigia mstari aina ya utungo inayotakiwa, nani anaandika, anamwandikia nani, na kuhusu nini, kisha atamweleza jirani yake kwa maneno yake mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano kwa swali moja, na mtihani wenyewe una nafasi ya dakika hizo. Wazazi mnaoweza kukaa, karibuni pia.